Simu ya Kwanza kwa Mtu Unayempenda: Kutoka "Nani Mwenzangu?" Hadi "Haya, Niambie"

Mwaka jana kijana mmoja wa mtaani kwetu Tabata, fundi friji, alikaa kibarazani kwangu zaidi ya nusu saa na simu mkononi. Namba ilikuwa tayari kwenye kioo. Kidole gumba kinasogea kwenye alama ya kijani, kinasita, kinarudi. Yeye na huyo dada walikuwa wameandikiana meseji wiki tatu. Walifahamiana kwenye vikao vya harusi ya binamu yake, yeye akiandika michango kwenye daftari, dada akiwa kamati ya chakula. Kwenye meseji alikuwa mchangamfu kabisa. Shida ilikuwa sauti. Akaniambia, "Kaka, nikibonyeza hapa naona kama pumzi itakata."

Hali hiyo naijua. Nilipokuwa na miaka 22 nilimpigia msichana niliyempenda sana, akapokea, akauliza, "Nani mwenzangu?" Nikasema samahani nimekosea namba, nikakata. Sikumpigia tena. Kwa hiyo nilikaa na yule fundi siku kadhaa tukaipanga simu yake hatua kwa hatua, na hapa naandika tulivyofanya. Namzungumzia kaka aliyempigia dada, lakini dada anayetaka kumpigia kaka atapita njia hiyohiyo.

Hofu inakaa sehemu tatu

Ukimuuliza mtu anaogopa nini kwenye simu, atakujibu "basi tu, siwezi." Ukimchimba utakuta hofu haijatapakaa kwenye simu nzima. Imejikusanya sehemu tatu.

Ya kwanza ni pale simu inapoita na hujui itapokelewa sekunde gani. Ya pili ni swali letu la "Nani mwenzangu?", ambalo linakutaka ujitaje mbele ya mtu asiyekuona. Ya tatu, na ndiyo inayoangusha wengi, ni pale salamu zinapoisha na yeye akasema, "Haya, niambie." Aliye na wasiwasi huisikia kama amri ya kutoa hoja nzito papo hapo. Kwa mzungumzaji wa Dar neno hilo halina ukali wowote. Maana yake ni kwamba salamu zimetosha na zamu ni yako. Yule fundi alipolielewa hilo, nusu ya woga wake ulipungua.

Kuna sababu nyingine inayofanya anayetamba kwenye meseji akwame kwenye sauti, nayo ni muda. Mwaka 2009 watafiti walipima mazungumzo ya lugha 10 wakaona kwamba mtu akimaliza kusema, mwenzake kwa kawaida hudakia baada ya kama sehemu ya tano ya sekunde. Kwenye meseji umezoea kuandika, kufuta na kuandika upya kwa dakika tatu. Ukihamia kwenye simu unajiona mzito, kumbe mapigo yake tu ndiyo tofauti. Na mapigo hayo hayajifunzwi kwa kuwaza. Yanajifunzwa kwa kupiga simu.

Siku tatu kabla: simu ndogo ndogo

Kila ukikaribia kupiga halafu ukaacha, unapata nafuu ya ghafla. Nafuu hiyo ndiyo inayolisha woga, kwa sababu mwili unaelewa kuwa umeokoka kwa kutopiga. Njia ya kuuvunja ni kupiga simu usizoziogopa sana na kubaki kwenye laini mpaka mapigo ya moyo yashuke yenyewe.

Fundi wetu siku ya kwanza alimpigia muuza gesi wa jirani akauliza bei ya mtungi mdogo na kama wanaleta nyumbani. Sekunde 40, mambo yakaisha. Siku ya pili alimpigia shangazi yake wa Mbagala ambaye hakuwa amemjulia hali kwa miezi miwili, na nilimpa sharti moja: shangazi ndiye akate simu, si yeye. Waliongea dakika kumi na moja. Siku ya tatu alimpigia mjumbe mwenzake wa kamati ambaye hakuwa amezoeana naye, akauliza kuhusu ukumbi.

Kabla ya kila simu aliandika kwenye karatasi anachohofia kitatokea, na baada ya simu kilichotokea kweli. Kwa mjumbe aliandika, "Atakasirika namsumbua." Chini yake akaandika, "Alikuwa kwenye foleni Ubungo, alifurahi kupata wa kuongea naye." Usiiruke hatua hii ya karatasi. Kichwa chenye wasiwasi hukumbuka hofu na kusahau matokeo.

Wengine hupenda kuanza na ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Ni hatua nzuri, kwani anaizoea sauti yako kabla ya simu. Ila rekodi mara moja tu, utume. Ukifuta na kurudia mara tisa umeshaugeuza kuwa meseji, na hujajifunza lolote.

Omba simu kwa meseji

Usimshtukize. Hapa mjini namba ngeni ikiita, mtu wa kwanza kumfikiria ni tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii," na wengi hawapokei kabisa. Kama namba yake umeichukua kwenye kundi la harusi au la kazini bila yeye kukupa, mwambie hivyo mapema na umuulize kama ni sawa kumpigia. Akisita, baki kwenye meseji.

Meseji yenyewe iwe fupi, na iwe na muda ndani yake. Fundi aliandika hivi: "Leo nikupigie kidogo saa tatu kasoro usiku? Dakika kama kumi tu. Kama umechoka niambie tupange siku nyingine." Neno "kidogo" na zile dakika kumi zina kazi kubwa. Zinamwondolea yeye mzigo, na wewe zinakupa mlango wa kutokea. Kukubali kwake, hata kwa "sawa" moja, kunapunguza woga wa simu inayoita, maana sasa unajua anaisubiri.

Saa tatu kasoro tuliichagua kwa hesabu. Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku watu wako kwenye daladala au mwendokasi, wamesimama, mkono mmoja kwenye bomba. Kama ni Mwislamu, magharibi na isha zinapita kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku. Kisha kuna kupika, kula, na kwenye nyumba zenye wazazi, taarifa ya habari ya saa mbili. Baada ya saa tatu na nusu, anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi gari la Gongo la Mboto ameshaanza kusinzia. Wewe muulize ratiba yake. Wa zamu za hospitali au wa dukani Kariakoo ana hesabu nyingine.

Kwa simu ya kwanza tumia dakika za kawaida badala ya bando la intaneti. Simu ya intaneti mtandao ukilemewa huchelewesha sauti, na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, unashauri sauti isizidi milisekunde 150 kufika upande wa pili ili mazungumzo yasivurugike. Ikizidi sana mnaanza kudakiana maneno, wote mnanyamaza, wote mnaanza tena. Mwenye wasiwasi hapo hujilaumu yeye badala ya mtandao. Hakikisha una dakika 20 hata kama mtaongea kumi, na simu ina chaji.

Dakika kumi za mwisho

Tafuta mahali kabla muda haujafika. Chumba cha kupanga chenye ukuta mwembamba ni kibaya, kwa sababu utanong'ona ukijua jirani anasikia, na mnong'ono kwenye simu huonekana kama unaficha kitu. Fundi alikwenda nyuma ya nyumba kwenye mwembe, mbali na jenereta ya baa. Simama au tembea taratibu. Ukikaa umejikunja, kifua hubanwa na sauti inatoka nyembamba.

Kahawa ya kijiweni na vinywaji vya kuongeza nguvu viache kuanzia alasiri, maana moyo unaokwenda mbio kwa kahawa na unaokwenda mbio kwa woga hutautofautisha. Kunywa maji. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, kwa dakika mbili. Kutoa pumzi taratibu ndiko kunakotuliza mapigo, kwa hiyo usikazane na kuvuta. Kisha ongea na mtu yeyote aliye karibu, hata kwa kumsalimia mama wa genge, ili sauti yako isitoke kwa mara ya kwanza siku hiyo ukiwa kwenye laini.

Kwenye karatasi andika maneno matatu tu. Usiandike hotuba, maana ukiandika sentensi kamili utazisoma, na anayesomewa hujua. Karatasi ya fundi ilikuwa na "daftari," "hesabu," "mpishi." Utaona sasa hivi kazi ya kila moja.

Dakika mbili za kwanza, neno kwa neno

Nilikuwa kibarazani, alinisimulia mara tu alipomaliza, na hivi ndivyo ilivyoanza.

"Haloo."

"Haloo, habari za jioni." Akataja jina lake. "Wa daftari la michango."

"Aaa, wewe! Nzuri, za kwako?"

"Salama kabisa. Pole na kazi. Ulisema leo mnafunga hesabu, mmemaliza?"

"Tumemaliza mapema, hata daladala leo nimepata siti."

"Afadhali. Umeshakula, au nimekukuta jikoni?"

"Nimeshakula, niko nje hapa napunga upepo. Haya, niambie."

Tazama alivyoliwahi "Nani mwenzangu?" kabla halijaulizwa. Jina, na mara moja mahali mlipokutana. Hata kama namba yako ameihifadhi, jitaje. Usianze na "Nadhani umenijua" wala "Bahatisha ni nani." Hilo ni jaribio, na mtu hapendi kutahiniwa na sauti asiyoizoea. Na usianze na "Samahani kwa usumbufu." Aliyekubali kupigiwa hajasumbuliwa, na ukijiita usumbufu unampa kazi ya kukubembeleza.

Kuhusu salamu, watu waoga hutaka kuziruka ili wafike kwenye jambo. Mimi naona ni kosa. Salamu za Kiswahili ni zawadi kwa mwenye wasiwasi, kwa sababu majibu yake yako tayari mdomoni tangu utotoni, na wakati unayatoa mwili unashuka taratibu. Zitumie kwa utulivu. Ila "Mambo?" "Poa." "Vipi?" "Safi." huisha kwa sekunde nne na kukuacha jangwani. Baada ya salamu ya kwanza weka salamu yenye kitu ndani, inayotokana na siku yake. "Mmemaliza hesabu?" ni salamu bado, lakini inamfanya aseme sentensi nzima, na sentensi nzima ina kamba ya kushika. Yeye alitaja daladala na siti. Kama "niambie" lisingekuja haraka, fundi angeuliza alipandia wapi mpaka akapata siti saa ile.

Swali la "au nimekukuta jikoni?" ni namna ya kuuliza kama ana nafasi bila kumbana. Angesema yuko jikoni, jibu lilikuwa tayari: "Basi malizia, nikupigie baada ya nusu saa?"

Jibu la "Haya, niambie"

Hapa watu husema mambo mawili yanayoua simu. La kwanza ni "Hamna kitu, nimekusalimia tu." Mwenzako hana pa kuendelea, anasema "Ahsante," kimya kinaingia. La pili ni kumwaga moyo wote: nakupenda, nimekuwaza, silali. Dakika ya pili haibebi uzito huo. Hata kama naye anakupenda, umemlazimisha atoe uamuzi amesimama barabarani.

Unachohitaji ni sababu ndogo ya kweli. Iliyo bora ni simulizi ambayo yeye aliianza kwenye meseji na hakuimaliza. Wiki ile dada alikuwa ameandika kwamba mpishi mmoja alikuja kwenye kamati ndogo akataka alipwe kabla hata hajaonjesha pilau, halafu meseji ikaishia hapo kwa sababu bosi wake aliingia. Nilimwambia fundi asiulize mwisho wake kwa meseji. Autunze. Ndilo neno la tatu kwenye karatasi yake.

Akamjibu hivi: "Sina jambo kubwa. Ile habari ya mpishi uliishia katikati, nikasema nataka niisikie kwako mwenyewe." Dada akacheka, akasema, "Weee, hukusikia alichofanya baadaye?" na akasimulia karibu dakika nne. Kazi ya fundi ilikuwa kusikiliza na kuitikia.

Kwenye simu lazima uitikie kwa sauti, kwa kuwa hakuoni ukitikisa kichwa: "eeh," "kweli?", "halafu?" Usipoitikia, baada ya muda atauliza "Haloo, upo?" na simulizi inavunjika. Ukiitikia kila neno nayo inachosha. Subiri amalize wazo, kisha ingiza moja.

Kichwa kikiwa cheupe

Kwenye dakika ya sita fundi alipotea. Dada aliuliza, "Wewe ungekuwa kwenye kamati yetu ungefanyaje?" na kichwa kikawa kitupu. Alifanya tulichokubaliana, akasema wazi: "Subiri, hebu nifikirie." Maneno hayo yanakununulia sekunde tano bila aibu, kwa sababu kimya kilichotangazwa si kimya. Kisha akarudi kwenye neno la mwisho alilokumbuka kutoka kwake: "Hiyo hela aliyotaka kwanza ilikuwa ya vifaa au ya mfukoni?"

Kimya cha sekunde mbili kwako kitaonekana kama dakika. Hesabu moja, mbili kimoyomoyo kabla ya kukijaza. Mara nyingi yeye alikuwa anavuta pumzi aendelee, na ukiharakisha utamkata. Ukikuta unatetemeka sauti na anaweza kusikia, unaweza kusema, "Nina wasiwasi kidogo, ni mara yangu ya kwanza kukupigia." Sema mara moja, kisha endelea na mazungumzo. Ukirudia, simu nzima itahamia kwenye wasiwasi wako.

Ukiona hataki

Mtu aliyechoka na mtu asiyetaka hufanana mwanzoni. Wote wanajibu kwa kifupi. Tofauti iko hapa: aliyechoka atakuambia amechoka na mara nyingi atataja muda mwingine. Asiyetaka anajibu "mh," "sawa," "haya," hakuulizi chochote hata mara moja, na akimaliza anasema "nitakutafuta" bila siku. Ukipata dalili hizo kwa dakika mbili mfululizo, funga kwa heshima: "Haya, nikuache upumzike. Usiku mwema." Usiulize "mbona uko hivyo?" Baada ya hapo mwachie yeye nafasi ya kutafuta. Akisema wazi asipigiwe, hapigiwi, wala kwa namba nyingine.

Asipopokea kabisa, acha iite mpaka ikate yenyewe, mara moja tu. Tuma, "Nilipiga kama tulivyopanga, ukipata nafasi utaniambia." Kupiga mara nne mfululizo kunamtisha, na kubipu simu ya kwanza kunamwachia yeye gharama ya kuanza.

Kuifunga

Fungeni ikiwa bado tamu. Uliomba dakika kumi, kwa hiyo kwenye ya tisa wewe ndiye unayetaja kuagana. Fundi alisema, "Nisikuweke sana, kesho una foleni. Jumamosi kwenye kikao utakuwepo?" Akajibu atakuwepo. "Basi Alhamisi usiku nikupigie uniambie bajeti ya nyama imeishaje." Akasema, "Piga, ila saa tatu kamili." Kikao kinakuja chenyewe, nyama ni jambo lake, na siku imetajwa. Simu ya pili ilikuwa tayari na sababu yake kabla ya ile ya kwanza haijakatwa.

Ukishakata, kichwa kitaanza kurudia kila ulichokosea. Usimtumie meseji ndefu ya kuomba radhi kwa kigugumizi. Yeye pengine hakukisikia, na sasa umemwonyesha. "Ahsante kwa muda wako, usiku mwema" inatosha. Chukua ile karatasi ya siku tatu, ongeza mstari wa nne.

Na kama woga huu haupo kwa mtu unayempenda tu, bali unakufanya usipokee simu za waajiri, ukose usaili, au mapigo na kizunguzungu vinakujia hata simu ya mama ikiita, hilo ni kubwa kuliko karatasi. Kuna tiba ya mazungumzo inayofanya kazi kwa njia hiihii ya kupanda ngazi kidogo kidogo, ukiwa na mtaalamu. Waweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu ukaomba rufaa, na Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili inayohudumia watu wa aina hii bila kulazwa.

Karatasi ya fundi niliiona siku iliyofuata, imekunjwa kwenye kasha la bisibisi. Upande wa hofu ulisema, "Nitakosa cha kusema." Upande wa pili: "Dk 11. Alimaliza ya mpishi. Alhamisi saa tatu kamili, nyama."